Muhogo na goita: anayekataza ana hoja, anayecheka naye ana yake

"Nimeambiwa nina goita, kuna anaesema niache muhogo na kabichi leo leo, mwingine anacheka anasema mbona watu wanakula muhogo maisha yao yote na shingo zao safi tu, sasa nimfuate nani?"

Wote wawili wameshika kipande cha ukweli, ila kila mmoja kashika upande wake. Nianze na kisiwa cha Idjwi, kile kilicho ndani ya Ziwa Kivu upande wa Kongo, maana pale ndipo mambo haya yalipopimwa vizuri. Miaka ya 1960 watafiti wa Kibelgiji, kina Delange na Ermans, walienda kupima shingo na mikojo ya watu wa kisiwa hicho. Kaskazini wakakuta zaidi ya nusu ya watu wana goita, kama asilimia 54 hivi. Kusini magharibi, kisiwa hicho hicho, asilimia 5 tu. Ukisikia hivyo unasema basi kaskazini hawana madini joto, kwisha habari. Wakapima ayodini, ambayo ndiyo hayo madini joto, wakakuta ni haba kote kote, na kwa kiwango kinachokaribiana! Yani ukosefu ni ule ule, shingo tofauti.

Kilichotofautiana ni muhogo. Wa kaskazini walikuwa wanakula zaidi, na mikojo yao ilikuwa na thayosayanaiti nyingi, kemikali ambayo mwili unaitengeneza kutokana na sumu ya muhogo. Watafiti wakawalisha watu muhogo wa kule wakawa wanaangalia tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, inavyofanya, ikaonekana inavuta ayodini kidogo kuliko kabla. Kwa hiyo anayekukataza muhogo hajatoa hoja hewani, ushahidi upo na ni wa binadamu, sio panya.

Sasa inakuwaje mzizi ufike mpaka shingoni? Ndani ya muhogo kuna kitu kinaitwa linamarini, kimekaa kimya ndani ya seli, na kimeng'enya cha kuivunja, linamarasi, kimekaa pembeni kwenye kuta za seli. Ukikuna, ukitwanga au ukitafuna vinakutana, na mwisho wa safari inatoka sayanaidi, ambayo ndiyo sumu. Mwili una njia ya kujiokoa, unachukua salfa (inatoka kwenye protini unayokula) unaibandika kwenye sayanaidi inakuwa thayosayanaiti, ambayo sumu yake ni ndogo mno ukilinganisha, halafu unaikojoa taratibu. Shida ni kwamba hiyo thayosayanaiti na ayodini zinagombea mlango mmoja kwenye seli za thairoidi. Mlango ule unabeba zote mbili bila kujua tofauti, thayosayanaiti ikiwa nyingi ayodini inabaki nje inasubiri, tezi inakosa malighafi, ubongo unaongeza homoni ya TSH kuisukuma ifanye kazi zaidi, na tezi inayosukumwa kila siku kwa miaka inavimba. Hiyo ndo goita yenyewe, au rovu.

Na hapo hapo kwenye neno kugombea ndipo anayecheka anapopata hoja yake. Ugomvi wa mlango mmoja unaamuliwa na wingi. Ukiongeza ayodini inashinda, hata thayosayanaiti ikiwepo. Ndiyo maana Ermans na wenzake hawakuishia kupima kimoja kimoja, wakachukua uwiano, mikrogramu za ayodini kwenye mkojo kwa kila miligramu ya thayosayanaiti. Ukiwa juu ya 7 mambo ni shwari. Ukishuka chini ya 3 goita inakuwa ya kijiji kizima, na chini ya 2 wanaanza kuonekana watoto waliozaliwa na thairoidi iliyofeli, wamedumaa mwili na akili. Mimi uwiano huu naupenda kwa sababu unanyamazisha kelele zote mbili, huwezi kusema muhogo ni mbaya au mzuri mpaka uniambie ayodini ni ngapi.

Tujaribu kwa mtu mmoja. Chukulia mtu mzima anakula nusu kilo ya unga wa muhogo kwa siku, na unga huo umetengenezwa vizuri, una miligramu 10 za sayanaidi kwa kilo, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachokubalika kimataifa kwa unga wa muhogo. Kapata miligramu 5. Kila miligramu ya sayanaidi ikigeuka yote inatoa kama miligramu 2 na kidogo za thayosayanaiti, kwa hiyo jumla kama 11, na akikojoa lita moja na nusu kwa siku ni kama miligramu 7 kwa lita. Nimehesabu kwa ubaya kabisa hapo, maana kupika kunapunguza na sio yote inageuka. Kama ayodini yake ya mkojo ni mikrogramu 150 kwa lita, yani mtu anaepata chumvi ya madini joto, uwiano wake ni kama 21. Huyo ale tu. Kama ayodini ni 20, mtu huyo huyo na unga ule ule anaangukia kwenye 3. Yupo ukingoni.

Sasa badilisha unga, sio mtu. Unga wa muhogo mchungu uliotengenezwa haraka haraka, tuseme umebaki na miligramu 50 kwa kilo. Hesabu ile ile inakupa thayosayanaiti kama 36 kwa lita. Mwenye ayodini ya 20 yuko chini ya 1, hali mbaya kabisa. Lakini angalia na yule wa 150, ambaye tulisema yuko salama, naye kashuka mpaka kama 4. Hajafika kwenye hatari ila nafasi yote aliyokuwa nayo imeliwa. Kwa hiyo ule usemi wa "weka chumvi ya madini joto kula chochote" nao una mpaka, na mpaka wenyewe uko kwenye namna muhogo ulivyoandaliwa.

Hapa kuna jambo watu wengi hulibeba kinyume. Wanadhani moto ndio unaua sumu ya muhogo. Moto mkali unaua kimeng'enya, na kimeng'enya ndicho kilichokuwa kinatusaidia! Ukitumbukiza vipande vikubwa vya muhogo mchungu kwenye maji yanayochemka, linamarasi inakufa dakika za mwanzo, linamarini yenyewe haijali moto sana, inabaki humo kwa sehemu kubwa, unaimeza, nyingine inavunjwa na bakteria wa tumboni. Kinachoondoa sumu ni kuvunja seli kwanza na kusubiri. Kuloweka siku tatu au zaidi mpaka mzizi unalainika ukiubonyeza kwa kidole, au kukuna na kuvundika, hapo vitu vinakutana, sayanaidi inatoka kama gesi au inaenda na maji. Kisamvu ni hivyo hivyo, majani yana linamarini nyingi kuliko hata mzizi, lakini kimeng'enya nacho kimejaa, ukitwanga mpaka yawe laini kabisa ukayaacha kidogo kabla ya kuchemsha, karibu yote inaondoka. Ukikatakata tu makubwa makubwa ukachemsha, umejidanganya.

Na kama unga tayari uko mkononi na una mashaka nao, kuna njia ya kuulowanisha ambayo mtafiti Bradbury wa Australia aliieneza: changanya unga na maji, utandaze uwe mwembamba kama sentimita moja, uache juani saa mbili au kivulini saa tano, halafu upike siku hiyo hiyo. Unga mkavu bado una kimeng'enya kidogo na linamarini, ni maji tu yalikuwa yanakosekana ili vikutane. Sayanaidi inashuka mara tatu mpaka sita. Haihitaji kifaa chochote.

Jambo moja ambalo anayecheka hapaswi kulisahau: ayodini inaokoa tezi tu, haigusi sayanaidi. Ugonjwa wa konzo, ule wa miguu kukakamaa ghafla na isirudi tena, ulitokea Nampula Msumbiji mwaka 1981 wakati wa ukame, watu wakila muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha na protini haikuwepo ya kutoa salfa. Pale hata ungemwaga ayodini gunia zima miguu isingepona.

Kabichi nitaipitia haraka maana inasingiziwa. Nayo ina vitu vinavyotoa thayosayanaiti na kingine kinaitwa goitrini, lakini vinatokea kimeng'enya chake kikiwa hai, yani ikiwa mbichi. Hapa moto unasaidia kweli, kinyume na muhogo. Kisa kilichoripotiwa mwaka 2010 ni cha bibi wa miaka 88 aliyelazwa hajitambui kwa thairoidi kufeli, na alikuwa anakula kabichi ya Kichina mbichi kilo moja mpaka moja na nusu kila siku kwa miezi. Kila siku! Sahani yako ya kabichi iliyopikwa haiko kwenye mazungumzo hayo.

Kinachonishangaza ni kwamba watu wanakatazwa muhogo huku sigara hazitajwi. Moshi wa sigara una sayanaidi, na wavutaji wana thayosayanaiti juu kila siku bila kugusa muhogo. Ziwa la mama lina mlango ule ule wa ayodini, kwa hiyo mama anayenyonyesha huku anavuta sigara, maziwa yake yanakuwa na ayodini pungufu, Denmark walipima wakakuta kama nusu ya wasiovuta. Na mjamzito ndiye ningemchunga kuliko wote, anahitaji kama mikrogramu 250 za ayodini kwa siku wakati mtu mwingine mzima anatosheka na 150.

Sasa wewe uliyeuliza. Kabla hujagusa sahani yako, kapime TSH na upigwe altrasaundi ya shingo, maana goita nyingi hazihusiani na muhogo kabisa, kuna za kinga ya mwili kushambulia tezi, kuna vinundu, na hizo ukiacha muhogo miaka kumi zitabaki pale pale. Kipimo cha ayodini cha mkojo mmoja kisikutishe wala kukufariji, kinapanda na kushuka siku kwa siku, kile kimetengenezwa kupima jamii sio mtu. Kama ulishatolewa tezi yote unameza levothairoksini, thayosayanaiti haina cha kukufanya huko, mlango wenyewe haupo, bora uangalie soya, kahawa na vidonge vya kalsiamu visikae karibu na dawa. Na kama uvimbe unakua haraka, au sauti imekwaruza, au unameza kwa shida, usingoje kusikia mtu wa muhogo wala wa kabichi, nenda wiki hii.