Levereji ndiyo inayochoma akaunti ya forex, au ukubwa wa loti?

"Levereji haichomi akaunti, loti ndiyo inayochoma." Wanaosema hivi wana hoja, na hesabu inawabeba hadi mahali fulani.

Chukua akaunti ya dola 500 yenye levereji ya 1:100, yaani kila dola ya dhamana inabeba oda ya dola 100. Euro iko dola 1.1000, nawe unanunua loti 0.3, yaani euro 30,000 zenye thamani ya dola 33,000. Broka anashikilia dola 330 kama dhamana. Fedha hizo bado ni zako, ila hazitumiki mpaka ufunge oda. Kila pipsi, yaani mwendo wa 0.0001 kwenye bei, sasa ni dola 3. Bei ikipanda pipsi 50, mwendo wa kawaida kabisa kwa siku moja, umepata dola 150, asilimia 30 ya mtaji. Ungenunua euro za dola zako 500 tu, faida isingefika hata dola 3.

Ikishuka je? Pipsi 112 tu, takriban asilimia 1 ya bei, zinakula dola 336. Equity, yaani mtaji ukitoa hasara hiyo, inabaki 164, Margin Level, yaani Equity ukiigawa kwa dhamana, inashuka chini ya 50%, na broka mwenye kikomo hicho anafunga oda bila kukuuliza. Bei ikigeuka baadaye, haikuhusu tena. Na ili 164 irudi 500, unatakiwa upate faida ya zaidi ya asilimia 200.

Sasa weka levereji ya 1:500, loti ileile 0.3. Dhamana inakuwa dola 66, pipsi bado dola 3, na oda inahimili karibu pipsi 155 kabla ya kufungwa. Hapo watetezi wako sahihi: levereji kubwa imekupa nafasi zaidi ya kupumua.

Shida ni kwamba dola 434 zinazosomeka kwenye Free Margin, yaani fedha ambazo hazijashikiliwa, hazikai bure. Mwenye akaunti huiona nafasi hiyo akafungua loti nzima badala ya 0.3. Dhamana ni dola 220, pipsi ni dola 10, na pipsi 39 zinatosha kumtoa. Takwimu za ajira za Marekani zikitoka, pipsi hizo zinaweza kwisha kwa dakika chache. Ndiyo maana naona wasimamizi wa soko la Ulaya walikuwa na sababu walipoweka ukomo wa 1:30 kwa sarafu kuu mwaka 2018, japo unambana pia mwenye nidhamu: kwa dola 500 hawezi kuvuka loti 0.13.

Tena kikomo cha 50% si ukuta. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kuilinda bei ya 1.20 ya euro kwa faranga, na bei ikaporomoka bila wanunuzi katikati. Oda zilifungwa mbali sana na zilikopangwa, akaunti nyingi zikaenda hasi, na wateja wa broka FXCM peke yao wakajikuta wanadaiwa takriban dola milioni 225.