Tokeni haijui kwamba umetoka

Watengenezaji wengi wa tovuti wakifika kwenye ukurasa wa kuingia hukimbilia JWT, yaani tokeni iliyotiwa saini. Ukiwauliza kwa nini hawatumii sesheni, utaambiwa sesheni ni mambo ya zamani na zinaelemewa watumiaji wakizidi. Hoja hiyo ina ukweli, lakini imekuzwa mno.

Kwenye nenosiri lenyewe hakuna ubishi. Pande zote mbili hulipitisha kwenye bcrypt au Argon2 pamoja na chumvi ya mtumiaji husika, kisha hulinganisha heshi inayotoka na iliyohifadhiwa. Bcrypt ya gharama 12 hurudia kazi yake mara 4,096, nayo imefanywa nzito makusudi ili anayebahatisha manenosiri kwa mamilioni akwame. Uzito huohuo ndio unaotuzuia kuuliza nenosiri kwa kila ukurasa. Na kwa kuwa HTTP haikumbuki nani alikuja dakika iliyopita, kivinjari lazima kipewe kitu cha kuonyesha kila kinaporudi. Ubishi unaanzia hapo.

Kwenye sesheni, kitu hicho ni namba ya nasibu tu:

```
Set-Cookie: sid=c41f0b7e9a2d5836e07fb19c64d3a825; HttpOnly; Secure; SameSite=Lax
```

Namba hiyo haisemi lolote kuhusu mtumiaji. Habari zake ziko kwenye jedwali la seva, na HttpOnly huizuia JavaScript kuisoma kuki. Tokeni ni kinyume chake, kwani hubeba habari zenyewe:

```
{"sub":"4471","role":"admin","iat":1767225600,"exp":1767312000}
```

Maneno haya hayajafichwa, ingawa wapo wanaodhani yamefichwa; yeyote mwenye tokeni anaweza kuyasoma. Kinachoyalinda ni saini, ili asiyabadilishe. Seva ikiona saini ni halali na `exp` haijapita, inamruhusu aliyeileta bila kuuliza hifadhidata. Hilo ndilo linalosifiwa, na ndilo linaloniondolea usingizi.

Tuseme mtumiaji 4471 ameibiwa tokeni hiyo saa moja baada ya kuingia. Anashtuka, anabadilisha nenosiri, anabonyeza "Toka". Heshi mpya inaandikwa, kivinjari chake kinafuta nakala yake ya tokeni, naye anaamini yameisha. Nakala ya mwizi haijaguswa. Tofauti ya `exp` na `iat` ni sekunde 86,400, yaani saa 24, kwa hiyo mwizi bado ana karibu saa 23 za kuwa msimamizi. Hata ukimvua 4471 usimamizi kwenye hifadhidata, tokeni itaendelea kusema `admin`, na seva inayoiamini tokeni pekee haitajua kilichobadilika. Kwenye sesheni, msimbo wa kubadilisha nenosiri ungefuta safu zote za 4471 kwenye jedwali, na ombi linalofuata la mwizi lingekataliwa papo hapo.

Watetezi wa tokeni wanalijua tatizo hili na wana dawa. Ya kwanza ni kuipa tokeni dakika 15 tu na kuweka pembeni tokeni ya pili ya kuihuisha, ambayo seva huikagua kwenye hifadhidata. Inasaidia kweli, lakini dakika 15 zinatosha kuhamisha mengi, na hiyo tokeni ya pili ni sesheni kwa jina jingine. Dawa nyingine ni orodha ya tokeni zilizobatilishwa, inayokaguliwa kwa kila ombi. Hapo umerudi kwenye jedwali ulilolikimbia, ukiwa umeongeza na saini juu yake. Kubadilisha ufunguo wa saini nako kunawezekana, ila kunamtoa kila mtu.

Na ule mzigo wa sesheni? Kutafuta safu moja kwa faharasa, au kuisoma kutoka Redis, ni kazi ndogo, tena kurasa nyingi zinamsoma mtumiaji kwenye hifadhidata hata hivyo.

Tokeni inapata nafasi yake halali pale huduma ni nyingi na hazina hifadhidata ya pamoja. Moja inatia saini kwa ufunguo wa siri, nyingine zote zinahakiki kwa ufunguo wa umma na haziwezi kughushi. Sesheni ingezilazimu zote kurudi kuuliza sehemu moja, na sehemu hiyo ikizimika hakuna anayeingia. Mwenye mfumo wa namna hiyo simlaumu. Ninaowashangaa ni wenye seva moja na hifadhidata moja.

Ukitaka kujua mfumo wako uko upande gani, ingia, nakili tokeni yako, bonyeza "Toka", kisha itume tena kwenye anwani inayohitaji mtu aliyeingia:

```
curl -i -H "Authorization: Bearer $TOKENI" https://example.com/api/mimi
```

Ikirudi 401, kuna mahali seva inakumbuka. Ikirudi 200, kitufe chako cha "Toka" kinafuta nakala ya kivinjari tu.