Kiu na mizani: fenomenolojia na ethnografia ndani ya wodi moja ya figo

"Nataka kuchunguza maisha ya wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine. Nitumie fenomenolojia au ethnografia?"

Anza na kiu. Mgonjwa ambaye figo zake hazitoi mkojo wa kutosha hupewa kipimo cha maji ya siku nzima, na anachokunywa zaidi ya hapo hubaki mwilini mpaka siku ya mashine. Kwa kawaida husafishwa mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Kabla ya kuunganishwa hupanda mizani, na kilo alizoongeza tangu mara ya mwisho humwonyesha muuguzi ni maji kiasi gani ya kutoa. Kiu basi iko kinywani mwa mtu mmoja, na matokeo yake yanasomwa kwenye mizani mbele ya wengine. Fenomenolojia inakwenda kwenye kiu. Ethnografia inakwenda kwenye mizani.

Fenomenolojia, njia iliyotokana na falsafa ya Husserl mwanzoni mwa karne ya 20, huuliza jambo linamjiaje mtu anayelipitia. Kiu ikoje saa nane usiku? Glasi ya maji mezani inaonekanaje kwa mtu aliyekatazwa kuimaliza? Ethnografia huuliza watu wanaokutana mahali pamoja wanaishije: kanuni gani hazijaandikwa lakini kila mtu anazijua, nani anamkemea nani, neno gani linatumika hapo kwa maana ya hapo tu. Wodi ya figo inaifaa sana, kwa sababu wagonjwa hupangwa kwa zamu. Wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hukutana wao kwa wao wiki hadi wiki, na baada ya miezi michache wamekuwa kijiji kidogo.

Kazi yenyewe inatofautiana tangu siku ya kwanza. Mwanafenomenolojia atatafuta watu wachache, mara nyingi 6 hadi 10, ambao wote wamepitia jambo hilohilo. Kabla ya mahojiano ya kwanza ataandika kurasa mbili tatu za yale anayoyaamini tayari kuhusu ugonjwa huo, ili ayatambue yakijipenyeza kwenye maswali yake. Wafuasi wa Husserl wanasema mawazo hayo yawekwe kando. Wanaomfuata mwanafalsafa Heidegger wanasema hayawekeki kando, kwa hiyo yaandikwe wazi na yaingie katika tafsiri. Kwa vyovyote karatasi hiyo inahitajika, na tasnifu nyingi zinaitaja bila kuonyesha hata sentensi moja iliyomo.

Mahojiano huchukua saa moja hadi moja na nusu, na kila saa ya sauti hudai saa 4 hadi 6 za kuinakili kwa maandishi. Yasifanyike mgonjwa akiwa kwenye mashine, hata kama hapo ndipo ana muda. Jirani yake yuko hatua chache tu na anasikia. Jambo zito zaidi ni kwamba mtu aliyefungwa mirija hawezi kuinuka na kuondoka, kwa hiyo ridhaa yake haina uhuru kamili. Mara tu baada ya kusafishwa wengi huwa hoi. Siku ya mapumziko, nyumbani kwake, ndiyo inayofaa.

Mahojiano mengi huharibikia kwenye swali. Ukiuliza "Unakabiliana na changamoto gani?" utapata orodha: nauli, dawa, chakula. Hiyo ni taarifa, na inaweza kusaidia kazi nyingine, lakini haina tajriba ndani yake. Kiswahili chenyewe kinakupa kipimo cha kuligundua kosa hili mapema. Sikiliza viambishi. Mgonjwa akisema "huwa tunasikia kiu sana" au "unakuta mtu anachoka," amejumlisha. Amekupa kanuni ya kundi, na nafsi yake imejificha ndani ya "tu-" na "mtu". Fenomenolojia inahitaji "ni-" na "-li-": "Jumapili usiku niliamka, nikaenda jikoni, nikashika kopo." Ukisikia "huwa", usimkatize. Subiri amalize, kisha mwambie: "Nipeleke kwenye siku moja unayoikumbuka." Rudi kwenye maandishi yako ya mahojiano ya kwanza na uhesabu sentensi za namna hiyo. Zikiwa chache mno, rekebisha namna ya kuuliza kabla hujaenda kwa mtu wa pili.

"Huwa" hilohilo ni mali kwa mwanaethnografia, ila kwake ni dai la kupimwa. Mgonjwa anasema, "Hapa huwa hatufichani." Je, kwenye mizani ikoje? Tuseme mmoja ameongeza kilo 4, naye anamwambia muuguzi, "Nilikunywa uji tu." Wa kitanda cha pili anacheka, wa tatu anageukia ukutani. Kicheko kile na ule mgongo uliogeuzwa ndiyo data, na hakuna mahojiano yatakayokupa. Ndiyo maana ethnografia hula miezi. Mwanaanthropolojia Malinowski alikaa visiwa vya Trobriand, katika Bahari ya Pasifiki, kwa vipindi viwili kati ya 1915 na 1918. Wodini si lazima ukae miaka, lakini chini ya miezi 3 au 4 watu bado wanakuonyesha tabia ya ugenini.

Daftari lina kanuni zake. Andika maneno machache papo hapo, kisha yapanue usiku uleule, kwa maana kesho maneno halisi ya watu yatakuwa yamegeuka kuwa muhtasari wako. Tenganisha ulichoona, ulichosikia na unachofikiri. Ukiandika "muuguzi alikuwa mkali," umeshahukumu. Andika alichosema, alisimama wapi, sauti ilipanda lini. Hatari nyingine ni kugeuka msaidizi: leo unashika faili, kesho unapima uzito, na wagonjwa wanaanza kukuficha yale wanayomficha muuguzi.

Kila njia ina upofu wake. Kumi waliohojiwa hawatakuambia kwa nini zamu fulani ina migogoro, na fenomenolojia humpendelea mwenye ulimi mwepesi, huku mkimya akibaki nje. Ethnografia nayo inaweza kuieleza wodi yote bila kugusa Jumapili usiku, mwisho wa pengo refu la siku mbili kwa zamu ya Jumatatu, kwa kuwa saa hiyo mtafiti hayupo na mgonjwa yuko peke yake na kiu.

Kuna wanaozichanganya, na inawezekana, lakini si kwa kuongeza mahojiano 12 juu ya ziara mbili na kuiita kazi hiyo fenomenolojia na ethnografia kwa pamoja. Kwangu mimi mpangilio unaofaa ni kukaa wodini kwanza, kisha kuwahoji wachache ambao sasa unajua lugha yao. Uchambuzi ubaki tofauti. Mahojiano ya kila mtu yasomwe yote kwanza, yagawanywe penye mabadiliko ya maana, ndipo yalinganishwe na ya mwenzake. Maelezo ya daftari husomwa kwa matukio yanayojirudia na yale yanayovunja kanuni. Ukiyatupa yote kwenye kapu moja la mada, kiu itakuwa kichwa kidogo chini ya "changamoto za lishe".

Mwenye miezi 6 yote na kibali cha kukaa wodini, naona aende ethnografia. Mwenye wiki 8 achague fenomenolojia, ahoji watu 6, na arudi kwa kila mmoja mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza wengi humjibu mtafiti kama wanavyomjibu daktari.