Rupia elfu nane za chumba, rupia elfu sitini za kukatwa

"Papa, mtoto wetu anasomea Pune, India. Alipasuliwa kidole tumbo, akalazwa siku nne. Bima yake ni ya rupia 300,000 na fakture ilikuwa 150,000, yaani nusu tu. Bima imelipa 90,000. Wanasema shida ni chumba: alilala cha 5,000 kwa siku, na haki yake ilikuwa 3,000. Sasa 2,000 mara siku nne si 8,000? Hizo 52,000 zingine zimeenda wapi?" Mama mmoja, Bukavu.

Mama, hesabu yako ndiyo ambayo kila mzazi angeifanya, na ndiyo maana kampuni za bima za India huitwa wezi kwa jambo hili kuliko jingine lolote. Mimi nitazitetea, maana nadhani hazieleweki. Utetezi wangu una mahali unapoishia, na nitakufikisha hapo.

Bima nyingi za kule huweka kikomo cha chumba, mara nyingi asilimia 1 ya kiasi cha bima kwa siku. Ndiyo 3,000 ya mtoto wako ilivyopatikana. Ukisikia hivyo unafikiri chumba ni kitanda, na kitanda kizuri zaidi kimezidi kwa 2,000 basi. Lakini katika hospitali kubwa za binafsi za India, chumba ndicho kinachoamua bei ya karibu kila kitu. Mezani pa mapokezi wana orodha ya bei yenye safu kadhaa: wodi ya pamoja, chumba cha wawili, chumba cha mtu mmoja, na vile vya kifahari. Kidole tumbo ni kile kile, kisu ni kile kile, mpasuaji ni yule yule, ila ada yake ikisomwa katika safu ya chumba cha mtu mmoja ni kubwa kuliko ya wodi. Ada ya daktari wa usingizi hupanda pia, na ya chumba cha upasuaji, na ya daktari anayepita asubuhi kukuuliza umelalaje. Na kwetu pia si jambo geni: aliyelala prive na aliyelala sale komini mara nyingi hawaletewi fakture moja.

Kwa hiyo mtoto alipokubali chumba cha 5,000 hakuongeza 8,000. Aliihamisha fakture nzima kwenye safu nyingine. Kampuni ingelipa ada zote hizo kamili na kukata tofauti ya kitanda peke yake, kikomo kisingekuwa na maana, na anayelipa ungekuwa mfuko wa wote, pamoja na yule aliyevumilia wodi ya pamoja akalipia bima kwa kiasi hicho hicho. Hapo mimi niko upande wa kampuni. Aliyenunua bima ya chumba cha 3,000 amenunua matibabu ya bei za chumba cha 3,000.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme ile fakture ya 150,000 ilikuwa hivi: chumba 20,000, mpasuaji, daktari wa usingizi, chumba cha upasuaji na ziara za madaktari 90,000, dawa, vifaa na vipimo 40,000. Kampuni huchukua 3,000, ikagawa kwa 5,000, ikapata uwiano wa asilimia 60, na kwa uwiano huo inalipa. Chumba kinalipwa 12,000. Zile 90,000 zinalipwa 54,000. Ona pigo liko wapi: kitanda kimemgharimu mtoto 8,000, lakini madaktari wamemgharimu 36,000, na wao hakuwachagua kwa kuwa ghali, walikuja pamoja na chumba. Na bima yake haikukaribia kuisha. Watu wengi hudhani kiasi kikubwa cha bima kilichobaki kitawaokoa. Hakiwaokoi, kwa sababu uwiano hauangalii kilichobaki.

Hapa ndipo ninapoanza kuiacha kampuni. Uwiano huo unadai kwamba ada hupanda sambamba na chumba. Chumba kikitoka 3,000 kwenda 5,000 kimepanda kwa theluthi mbili. Ni nadra ada ya mpasuaji kupanda hivyo. Tuseme katika chumba cha 3,000 zile 90,000 zingekuwa 72,000. Basi mtoto angelala humo, kampuni ingelipa 72,000 yote. Amelala kwenye cha juu, inalipa 54,000. Imebakiza 18,000 kwa sababu mteja wake alichagua chumba ghali! Kumzuia mteja asihamishie gharama zake kwa wenzake ni haki. Kupata faida kutokana na kosa lake ni jambo jingine, na sijasikia jibu la kuniridhisha juu ya hilo. Hesabu ya haki ingekuwa kulipa ile bei ya safu ya chini, ambayo hospitali inayo kwenye orodha yake.

Mamlaka ya bima ya India, IRDAI, iliona sehemu ya tatizo hili. Mwongozo wake wa mwaka 2020 ulisema dawa na vifaa vya matumizi, vipandikizi, na vipimo visiguswe na uwiano, maana bei zake hazifuati chumba. Gharama za chumba cha wagonjwa mahututi nazo zisikatwe hivyo. Na hospitali isiyotoza kwa kufuata aina ya chumba, uwiano usitumike kabisa. Hata ndani ya hospitali inayotoza hivyo, ada ambayo ni moja kwa vyumba vyote haikatwi. Maneno hayo yameingia kwenye mikataba, kwa hiyo yatafute katika wa mtoto.

Ndiyo maana nilisimama nilipoona 90,000. Hiyo ni asilimia 60 kamili ya 150,000. Dawa na vipimo vingekuwa vimeachwa salama, malipo yangezidi asilimia 60: kwa mgawanyo wangu, 12,000 na 54,000 na 40,000, jumla 106,000. Malipo yakiangukia kwenye uwiano bila kuzidi hata rupia moja, ni dalili kwamba mtu amezidisha fakture nzima kwa 60 akafunga faili. Kwa mfano wangu, 16,000 zimekatwa bila haki.

Mwambie mtoto aombe vitu viwili: barua ya malipo inayoonyesha kila mstari na kilichokatwa, na fakture yenye mchanganuo kamili. Aweke alama kwenye kila dawa, kifaa au kipimo kilichopunguzwa. Kisha aiombe hospitali imwandikie ada za upasuaji ule ule katika chumba cha 3,000. Ikiwa ada fulani ni ile ile, hata hiyo adai. Aandikie kwanza kitengo cha malalamiko cha kampuni. Mwezi ukipita bila jibu, au jibu likiwa baya, aende kwa msuluhishi wa bima wa serikali, ambaye hatozi kitu.

Asidai zote 60,000. Akienda na madai hayo watamsomea kifungu cha chumba na kumrudisha nyumbani. Aende na mistari ya dawa, vifaa na vipimo, na kando yake ile karatasi ya bei ya hospitali.