Dau dogo au dau kubwa: mlinganyo wa tofauti unatoa majibu mawili

"Nina pointi 10, nataka zifike 20. Kila raundi nina nafasi 9 kati ya 19 za kushinda. Niweke pointi moja moja au niweke zote 10 kwa mkupuo?"

Walio wengi husema dau dogo ni salama zaidi. Wengine hushikilia kwamba mchezo unaokupunja usiukalie, weka zote uondoke. Kila upande una hesabu yake sahihi, ila haupimi kitu kile kile: mmoja hupima uwezekano wa kufilisika, mwingine hupima muda wa kubaki mchezoni. Vipimo hivyo viwili vinatoka kwenye milinganyo miwili inayofanana kama mapacha, na tofauti yao ni namba 1 tu.

Tuanze na kufilisika. Haya ni matembezi ya nasibu kwenye namba 0 hadi N, yenye vizuizi viwili vinavyonasa: ukigusa 0 umefilisika, ukigusa N umefika lengo, na baada ya hapo husogei tena. Uwezekano wa kupanda hatua moja ni p, wa kushuka ni q = 1 − p. Tuite u(i) uwezekano wa kuishia 0 ukianzia i. Raundi ya kwanza ikishachezwa, unajikuta i + 1 au i − 1, na kutoka hapo mchezo unaanza upya kana kwamba hakuna kilichotangulia. Kwa hiyo:

```
u(i) = p·u(i+1) + q·u(i−1),   u(0) = 1,   u(N) = 0
```

Jaribu u(i) = m^i. Unapata p·m² − m + q = 0, yaani (m − 1)(p·m − q) = 0. Mizizi ni 1 na r = q/p, hivyo suluhisho la jumla ni A + B·r^i. Masharti ya mipakani yanadai A + B = 1 na A + B·r^N = 0, na hayo yanatosha kupata A na B:

```
u(i) = (r^N − r^i) / (r^N − 1)
```

Hapa p ikiwa sawa na q, mizizi yote miwili ni 1 na kanuni inageuka 0/0. Suluhisho la jumla huwa A + B·i, na jibu ni u(i) = 1 − i/N. Wanafunzi wengi huibeba kanuni ya kwanza hadi kwenye mchezo wa haki, kisha wanashangaa kikokotoo kikikataa.

Sasa swali lenyewe. Ukiweka moja moja, i = 10, N = 20 na r = 10/9. Lengo likiwa maradufu ya mtaji, uwezekano wa kufika hurahisika kuwa 1/(r^10 + 1). Kwa kuwa (10/9)^10 ni takriban 2.868, unapata 0.2585. Kufilisika ni 0.7415.

Ukiweka 2 kwa kila raundi, hatua ndiyo inayokuwa kizio kipya: unaanzia 5, lengo ni 10, na kufilisika kunashuka hadi 0.6287. Ukiweka 5, unaanzia 2 kwenda 4, na ni 0.5525. Ukiweka zote 10, unaanzia 1 kwenda 2, na ni 10/19 tu, yaani 0.5263. (Njia hii ya kubadili kizio hufanya kazi pale tu dau linapogawanya mtaji na lengo bila baki. Kwa dau la 3 utajikuta umebaki na pointi 1 usiyoweza kuiweka, na kizuizi hakiko tena pale mlinganyo unapodhani kiko.)

Sababu iko kwenye kipeo. Kila raundi inakupunja kidogo, na kuigawa safari katika hatua nyingi ni kuipa punjo hiyo nafasi nyingi za kujikusanya. Pointi 50 zikilenga 100 kwa dau la 1, (10/9)^50 ni kama 194, na uwezekano wa kufika unaanguka hadi takriban 0.005. Wanaosema weka zote wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa: mwaka 1965 Lester Dubins na Leonard Savage walithibitisha kwamba katika mchezo wa aina hii unaokupunja, hakuna mpango wa dau unaoshinda ule wa kuweka kiasi kikubwa kabisa ulicho nacho, bila kuzidi kinachohitajika kufikia lengo.

Lakini mlinganyo wa pili unawapa haki walio upande wa dau dogo. Tuite D(i) wastani wa raundi hadi kunaswa. Raundi moja hutumika kwanza, ndipo unaendelea kutoka jirani:

```
D(i) = 1 + p·D(i+1) + q·D(i−1),   D(0) = D(N) = 0
```

Makosa mengi hutokea hapa, na karibu yote yanatokana na ile 1. Kuna wanaoisahau, mlinganyo ukibaki bila 1, na mipaka yote miwili ni 0, jibu pekee ni sifuri kila mahali. Wengine huandika D(0) = 1 kwa mazoea ya u. La tatu limejificha zaidi: kutafuta suluhisho mahususi kwa kujaribu namba isiyobadilika c. Ukiiweka unapata c = 1 + c, jambo lisilowezekana, kwa sababu c tayari ni suluhisho la mlinganyo usio na 1. Panda daraja moja, jaribu c·i. Sasa c·i = 1 + c·i + c(p − q), hivyo c = 1/(q − p). Ongeza A + B·r^i, timiza mipaka, na ukiandika v(i) = 1 − u(i) jibu linakaa hivi:

```
D(i) = (i − N·v(i)) / (q − p)
```

Katika mchezo wa haki, c·i nayo tayari ni suluhisho la mlinganyo usio na 1, kwa hiyo unapanda tena hadi c·i². Unapata c = −1, na mwisho D(i) = i(N − i). Kuanzia 10 kwenda 20 ni raundi 100.

Kwa p = 9/19, q − p ni 1/19. Dau la 1 linakupa 19 × (10 − 20 × 0.2585), karibu raundi 92. Dau la 2 linakupa kama 24, dau la 5 karibu 4, na dau la 10 raundi 1 kamili. Hiyo ya mwisho ndiyo kipimo chepesi cha kukagua kazi yako: weka i = 1 na N = 2, lazima u itoke q na D itoke 1. Isipotoka hivyo, kosa liko kwenye mipaka au kwenye suluhisho mahususi.

Je, raundi 92 kwa moja ni faida ya dau dogo? Angalia unazilipia kiasi gani. Ukiweka moja moja, wastani wa pointi unazomaliza nazo ni 20 × 0.2585, yaani 5.17, kwa hiyo unapoteza 4.83. Ukiweka zote, unapoteza 0.53. Ila gawanya hasara kwa jumla ya pointi ulizoweka mezani: 4.83 kwa 91.8, na 0.53 kwa 10. Zote ni 1/19. Bei ya kila pointi iliyowekwa haibadiliki; dau dogo huinunua mara nyingi zaidi, na hilo ndilo kanuni ya D inalosema ukiizungusha kuwa (q − p)·D = i − N·v. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayetaka 20 aweke zote, na anayetaka kucheza kwa muda mrefu aweke moja moja akijua kwamba ananunua muda. Anayesema moja moja ni salama zaidi kwa kufikia 20 amekosea, na tofauti ni ya 0.2585 dhidi ya 0.4737.

Geuza nafasi ziwe 10 kati ya 19 na kila kitu kinapinduka. Sasa mwelekeo ni wako, na kuugawa katika hatua nyingi kunakusaidia: moja moja inakufikisha kwa 0.7415, zote kwa mkupuo kwa 0.5263. Anayetoa ushauri kuhusu dau bila kuuliza kwanza p iko upande gani wa nusu hajajibu kitu.

Sare nazo huwachanganya watu. Raundi isiyosogeza chochote haigusi u, maana kilicho muhimu ni uwiano q/p, ila hurefusha D. Mfano wake wa zamani ni tatizo la Christiaan Huygens la 1657: wachezaji wawili, pointi 12 kila mmoja, dadu tatu, ikitoka 14 mmoja anapata pointi kutoka kwa mwenzake, ikitoka 11 anapata yule mwingine. Kati ya matokeo 216, 14 ina njia 15 na 11 ina 27, hivyo r ni 9/5 kwa mwenye 14, na uwiano wa nafasi zao ni 5^12 kwa 9^12, yaani 244140625 kwa 282429536481. Kanuni ya D inatoa karibu raundi 42 zinazosogeza pointi. Lakini mitupo 174 kati ya 216 haisogezi kitu, hivyo zidisha kwa 216/42 na utapata kama mitupo 216 ya dadu. Anayesahau kuzidisha hupunguza muda mara tano na zaidi.

Mwisho, kompyuta. Katika Python `(10/9)**7000` hutoa `OverflowError`, ingawa jibu halisi ni uwezekano wa kawaida. Tumia s = p/q badala ya r pale q inapozidi p:

```
v(i) = s^(N−i) · (1 − s^i) / (1 − s^N)
```

Hatari ya pili iko karibu na nusu. Kwa p = 0.4999999999, kanuni ya D hutoa namba moja kutoka kwa nyingine inayokaribia kulingana nayo kisha hugawa kwa 2 × 10^−10, na makosa madogo ya mkato wa desimali hukuzwa hadi jibu la raundi 100 linatoka mbali kabisa na 100. Hapo tumia i(N − i), au tatua milinganyo yote N − 1 moja kwa moja kama mfumo wa mistari mitatu ya ulalo. Huo hauna kugawa kwa q − p popote.