Bima ya akiba: faida ya "asilimia 10" ambayo haifiki hata 2 kwa mwaka

Mtu amelipa bima ya maisha yenye akiba kwa miaka 10, ada ya 10,000 kila mwezi, jumla 1,200,000. Anaiuliza kampuni atapata nini akiukatisha mkataba leo, anaambiwa 1,320,000. Hiyo ndiyo thamani ya kusalimisha, yaani fedha unazorudishiwa ukivunja mkataba kabla haujaiva. Wakala anamwambia amepata faida ya asilimia 10. Mwenye bima anagawa kwa miaka 10, anapata asilimia 1 kwa mwaka. Wote wawili wamekosea, kwa sababu moja: fedha hizo hazikukaa muda sawa. Ada ya kwanza imekaa miaka 10 kamili, ya mwisho mwezi mmoja tu.

Kwa haraka, unaweza kuchukulia kwamba kila ada imekaa, kwa wastani, nusu ya muda, yaani miaka 5. Faida ya 120,000 kwa fedha 1,200,000 ndani ya miaka 5 ni kama asilimia 2 kwa mwaka. Ukitaka jibu kamili, lahajedwali lolote lina fomula inayotafuta riba ambayo ingezifikisha ada zote 120 kwenye 1,320,000:

```
=(1+RATE(120,-10000,0,1320000,1))^12-1
```

Ada ina alama ya kutoa kwa sababu inatoka mfukoni mwako. Ile 1 ya mwisho inasema unalipa mwanzoni mwa mwezi. Jibu ni asilimia 1.9 kwa mwaka. Mfumuko wa bei ukizidi hapo, akiba hiyo imepungua nguvu, hata kama tarakimu zimeongezeka.

Sasa turudi nyuma kwenye mkataba huohuo. Tuseme mwishoni mwa mwaka wa 3 thamani ya kusalimisha ilikuwa 180,000, ilhali ada zilizolipwa ni 360,000. Nusu imekwenda. Sehemu kubwa ya gharama za kuuza bima hii, hasa kamisheni ya wakala, huangukia miaka ya kwanza, na kampuni hujirudishia gharama hizo kutoka kwenye ada zako za mwanzo. Ndiyo maana mikataba mingi haina thamani yoyote ya kusalimisha mwaka wa kwanza, na mara nyingi hata wa pili. Ukiweka tarakimu hizi kwenye fomula, yaani miezi 36 na 180,000, faida inatoka hasi, takriban asilimia 40 kwa mwaka. (Lahajedwali likikuonyesha `#NUM!`, ongeza `,-0.02` baada ya ile 1 ya mwisho ndani ya `RATE`, ili lianze kutafuta upande wa hasara.)

Hapa ndipo watu wengi hufanya uamuzi mbaya. Akiona hasara hiyo, mmoja anavunja mkataba kwa hasira, mwingine anaung'ang'ania "mpaka fedha yangu irudi". Lakini ile 180,000 iliyopotea imeshapotea kwa yeyote kati yao. Mwenye mkataba mkononi anahitaji hesabu nyingine: nikiiacha humo hii 180,000 iliyobaki na kuendelea kulipa, kuanzia leo nitapata asilimia ngapi? Thamani ya leo inaingia kwenye fomula kama fedha unayoiweka upya:

```
=(1+RATE(84,-10000,-180000,1320000,1))^12-1
```

Jibu ni asilimia 6.2 kwa mwaka, kuanzia mwaka wa 3 hadi wa 10. Mkataba uleule uliompa mwenyewe asilimia 1.9 tangu mwanzo unalipa zaidi ya mara tatu ya hapo kwa aliyekwisha kuimeza hasara ya mwanzo. Kwa maoni yangu hii ndiyo tarakimu ambayo kila kampuni ingepaswa kuiandika kando ya thamani ya kusalimisha. Ile ya kwanza inakusaidia kuamua kama utakata bima ya aina hiyo, ya pili inakusaidia kuamua kama utaivunja.

Fanya vivyo hivyo mwaka wa 10. Mkataba ni wa miaka 15 na makadirio ya kampuni ni kwamba ukiiva utalipwa 2,300,000. Ukiacha 1,320,000 humo na kulipa ada 60 zaidi, utapata asilimia 4.3 kwa mwaka kwa miaka 5 iliyobaki. Hiyo ndiyo ya kulinganisha na akiba nyingine ya muda huohuo, baada ya kodi. Lakini makadirio si ahadi. Bonasi ni nyongeza ambayo kampuni huitangaza kwenye mkataba kutokana na faida yake. Tenganisha kiasi kilichohakikishwa, pamoja na bonasi ambazo tayari zimetangazwa, na bonasi zinazotarajiwa tu. Tuseme kilichohakikishwa ni 2,100,000: faida inashuka hadi asilimia 2.1. Kama ungeendelea kwa 4.3 lakini usingeendelea kwa 2.1, basi uamuzi wako unategemea bonasi ambazo hazijatangazwa, na ni vizuri ulijue hilo kabla ya kulipa ada ya 121.

Kosa linaloharibu hesabu hizi kuliko yote ni kuchukua tarakimu isiyo yake. Taarifa ya mwaka huonyesha kiasi cha bima na bonasi zilizolimbikizwa, na mtu huvijumlisha akidhani ndizo fedha zake. Viwili hivyo hulipwa mkataba ukiiva au mwenye bima akifariki. Ukisalimisha mapema, bonasi iliyoandikwa 300,000 haihesabiwi kwa 300,000, kwa kuwa kampuni huipunguza kulingana na miaka iliyobaki. Pia kama uliwahi kukopa kwa dhamana ya mkataba, mkopo na riba yake hukatwa kwanza. Kwa hiyo omba barua yenye kiasi halisi kitakachoingia kwenye akaunti yako baada ya makato yote, pamoja na tarehe kiasi hicho kinapokoma kuwa halali. Katika barua hiyohiyo uliza utapata nini ukiacha kulipa ada bila kuvunja mkataba, maana mikataba mingi inaruhusu hivyo na kiasi cha bima hupunguzwa tu. Hesabu yake ni ileile, ila ada inakuwa sifuri.

Kuna jambo moja la haki kwa upande wa kampuni. Kwa miaka yote 10 ulikuwa na kinga ya kifo, na kinga ina bei. Uliza bei ya bima ya maisha ya muda maalumu, isiyo na akiba, kwa kiasi kilekile cha fidia na umri uliokuwa nao ulipoanza. Ikiwa ni 800 kwa mwezi, akiba yako halisi ilikuwa 9,200, na faida inapanda kutoka asilimia 1.9 hadi 3.5. Punguza hivyo iwapo tu ulihitaji kinga hiyo. Asiye na anayemtegemea abaki na 1.9. Na anayeihitaji asisalimishe kabla bima nyingine haijakubaliwa na kuanza kazi, kwa sababu umri umesonga, na ugonjwa uliojitokeza katikati unaweza kupandisha ada mpya au kumfungia mlango kabisa.