Aliyeuziwa risachi ya kukopi akatishiwa: chuo kimpunguzie adhabu?

"Nimelipa laki na nusu niandikiwe risachi, kazi imekuja ya kukopi. Nimedai hela yangu, sasa jamaa anasema nisipomalizia laki iliyobaki mpaka saa kumi na mbili jioni, atatuma meseji zetu kwa mkuu wa idara. Nikijisalimisha watanielewa, au nitakuwa nimejichongea?"

Inategemea chuo, na huko kutegemea ndiko kunakompa mtishaji nguvu. Kanuni za vyuo ziko wazi kwamba kuwasilisha kazi ya mtu mwingine kwa jina lako ni udanganyifu, na kwamba adhabu inaweza kufika hadi kufukuzwa. Ambacho mwanafunzi haambiwi kwa uwazi huo ni kinachompata anayekwenda mwenyewe kabla hajakamatwa. Kwa hiyo anabaki kupima hatari mbili, moja yenye bei inayojulikana (laki moja, mpaka saa kumi na mbili jioni) na nyingine isiyojulikana mwisho wake. Wengi watalipa hiyo laki.

Biashara yenyewe ina sura mbili huku kwetu. Tanzania mlango wake huwa ni steshenari iliyo jirani na chuo, au namba iliyotupiwa kwenye grupu la darasa la wasapu: tunaandika proposo, risachi, ripoti za fildi, Turnitin ipo. Kenya imejengeka zaidi kwa wateja wa ng'ambo. Vijana wenye digrii zao, hasa Nairobi na maeneo ya vyuo yanayoizunguka, wanaandikia wanafunzi wa Uingereza, Marekani na Australia, na kazi hupita mikono kadhaa: tovuti inapokea oda, mwenye akaunti anaidaka, anamgawia mwingine kwa bei ya chini, na huyo naye pengine anamsukumia wa tatu. Ukurasa kwa kawaida huhesabiwa maneno 275, na malipo ni kwa ukurasa. Anayeandika hasa hupata sehemu ndogo tu ya alichotoa mteja. Akipewa kurasa 20 jioni, zitakiwe asubuhi, hana muda wa kusoma chochote, achilia mbali kuandika. Kukopi kunaanzia hapo, na mara nyingi anayekuja kutisha baadaye si huyo aliyekesha, bali ni dalali wa juu yake mwenye namba ya mteja.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini usio mbali na yanayotokea. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Dar es Salaam, mada yake ni mchango wa mikopo midogo kwa wafanyabiashara wanawake wa Manispaa ya Kinondoni. Wamekubaliana shilingi 250,000. Bumu limeingia, anatanguliza 150,000. Kazi inakuja zikiwa zimebaki siku chache za kukabidhi, ikiambatana na faili la ripoti ya Turnitin, programu ya kukagua kazi zilizokopiwa, linaloonyesha kufanana kwa asilimia 11 tu. Anafurahi mpaka anapofika sura ya nne. Jedwali la pili limeandikwa Manispaa ya Morogoro. Sura ya tatu ilisema wahojiwa ni 80, majedwali yanajumlisha 96. Marejeo yote yanaishia 2014, kana kwamba baada ya hapo hakuna mtu aliyewahi kuandika tena juu ya mikopo.

Hiyo asilimia 11 inawachanganya wengi. Turnitin hailinganishi kazi yako na kila kilichowahi kuandikwa duniani, inailinganisha na ilichonacho kwenye hifadhi yake siku hiyo. Tasnifu iliyojaladiwa ikawekwa kwenye rafu ya maktaba ya chuo kingine bila kupandishwa mtandaoni haiioni. Zaidi ya hapo, muuzaji anaweza kuipima kazi kwa mpangilio usioihifadhi, akakuuzia wewe na mwenzako wa chuo kingine. Atakayetangulia kuwasilisha atapata asilimia ndogo. Wa pili, kama kazi ya kwanza imeshahifadhiwa, atakuta karibu yote imefanana. Na ripoti yenyewe ni faili tu, linaweza kuwa la kazi ya mtu mwingine lililobadilishwa jina. Jedwali la Morogoro lilikuwa ushahidi mzuri kuliko ripoti.

Mwanafunzi wetu anagoma kumalizia laki iliyobaki, anadai arudishiwe aliyotoa. Jibu linakuja: "Malizia mpaka saa 12 jioni. Jina lako ninalo, namba ya usajili ninayo, meseji zote ninazo. Email ya mkuu wa idara iko kwenye website." Vyote hivyo alivitoa mwenyewe. Ukurasa wa jalada ulikuwa na jina lake na la msimamizi. Nywila ya akaunti yake ya chuo aliitoa ili mwandishi asome maoni ya msimamizi kuhusu proposo. Hela ilipita kwenye simu, na muamala unaonyesha majina ya pande zote mbili, jambo ambalo mtishaji hulisahau: laini za Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo naye ameacha nyayo, hata kama laini ni ya binamu yake.

Je, chuo kimpunguzie adhabu akija na haya yote mkononi?

Wanaokataa wana hoja nzito, na si ya roho mbaya. Huyu hakujuta alipolipa, amejuta alipopunjwa. Kama kazi ingekuja safi, angeiwasilisha, akapata B yake na kuvaa joho. Yuko pia mwenzake aliyezunguka Tandale na Mwananyamala na dodoso mkononi, akafukuzwa na wafanyabiashara waliodhani ni mtu wa kodi, akaishia na C. Mwalimu atamtazamaje huyo akisikia wa kwanza alisamehewa kwa sababu alitapeliwa? Tena kuna hatari ya ujanja. Ukitangaza kwamba anayetishiwa anapunguziwa, kila atakayehisi msimamizi ameanza kumshuku atakuja na meseji za vitisho, hata za kutengenezwa na rafiki yake.

Upande wa pili unaanza na jinsi kitisho kinavyofanya kazi. Mtishaji hana silaha yake mwenyewe. Anaazima ya chuo. Kadiri adhabu ilivyo kubwa na isiyotabirika, ndivyo anavyoweza kupandisha bei. Na kulipa hakununui siri, kwa sababu hakuna namna ya kuthibitisha kwamba meseji zimefutwa. Laki ya leo inamfundisha tu kwamba unalipa, na atarudi msimu wa mahafali, au ukishaajiriwa. Pia chuo kinachotaka kujua ni steshenari gani inawauzia wanafunzi wake hakitalijua hilo kwa Turnitin. Wanaojua ni wateja, na mteja anayejua atadisko akifungua mdomo hawezi kuwa shahidi wa mtu.

Nchi zilizotunga sheria juu ya jambo hili zimemlenga muuzaji. Australia ilipitisha yake mwaka 2020: anayeuza au kutangaza huduma hizi kibiashara anaweza kufungwa hadi miaka miwili, na mamlaka yao ya elimu ya juu, TEQSA, ina uwezo wa kusababisha tovuti kufungiwa. Uingereza ilifuata mwaka 2022 kwa sheria inayohusu wanafunzi wa England, adhabu yake ikiwa faini. Katika zote mbili mwanafunzi aliyenunua hageuzwi mhalifu, anaachiwa chuo chake. Lakini zinamfikia kwa shida muuzaji aliyeko nchi nyingine, na hazimwambii mkuu wa idara amfanye nini kijana aliyesimama mlangoni kwake.

Kwangu mimi mizani inalalia upande wa kupunguza, si kusamehe, na kigezo kiwe ni muda. Aliyekuja kabla ya kuwasilisha hajapata faida yoyote. Kazi hiyo ifutwe, aanze upya kwa mada nyingine, achelewe kuhitimu. Mwaka mmoja wa kuchelewa si zawadi, hasa kwa anayetegemea mkopo, kwa hiyo yule wa Tandale hajaonewa. Aliyewasilisha kisha akaja mwenyewe kabla ya alama kutoka, somo lifutwe na jambo liingie kwenye rekodi yake, ila asifukuzwe. Aliyesubiri mpaka akakamatwa ndipo akatoa meseji za vitisho, kanuni ichukue mkondo wake wote. Na viwango hivyo viandikwe kwenye kitabu cha mwongozo wanachopewa mwaka wa kwanza, maana nafuu inayotolewa kimyakimya na mkuu mmoja mwenye huruma haimsaidii anayeamua saa kumi na moja jioni kama atume hela.

Ile hofu ya vitisho vya kutengenezwa inapungua ukitaka ushahidi usiotengenezeka kirahisi: risiti ya muamala wa kwanza yenye tarehe na jina la mpokeaji, mazungumzo yote kwenye simu yenyewe badala ya picha za vipande vilivyochaguliwa, na faili la kazi kama lilivyotumwa. Anayeuliza hapo juu avitunze hivyo leo, asifute hata meseji inayomwaibisha, abadilishe nywila ya akaunti ya chuo kabla ya kujibu chochote, na asiwasilishe hiyo kazi. Akiiwasilisha amejihamisha mwenyewe kutoka kundi la kwanza. Aanze na msimamizi wake au mshauri wa wanafunzi, kwa maandishi mafupi yenye tarehe. Vitisho ni suala jingine kabisa. Kutaka mali kwa vitisho ni kosa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na ya Kenya pia, na mtishaji hasafishwi na ukweli kwamba siri anayoishikilia ni ya kweli. Polisi wanaweza kuanza na ile namba iliyopokea hela.

Ninapokwama ni kwa aliyekwisha kuhitimu. Mwaka 2014 gazeti la Sydney Morning Herald liliifichua MyMaster, tovuti iliyokuwa ikiwauzia kazi wanafunzi wa vyuo vikuu vya Australia, na waliobanwa walijulikana kupitia kumbukumbu za biashara yenyewe: majina, masomo, malipo. Chuo Kikuu cha Macquarie kiliwafutia digrii wahitimu wawili. Mhitimu anayetishiwa leo hawezi kuirudia kazi wala kuchelewa mwaka. Alichokipata kwa udanganyifu ndicho kilichompa ajira, na hoja ya kwamba hajafaidika haimhusu. Siwezi kukiomba chuo kimwachie cheti hicho kwa sababu tu anayemdai hela ni mhalifu. Ninachoweza kumwambia ni kwamba polisi wapo hata kwake, na kwamba akienda, aende akijua cheti kinaweza kubaki mezani.